Kalamu Ipewe Kazi Moja

Picha ya harusi iliyosafishwa kwa kipanya haijifichi. Mtazamaji huigundua mpakani, pale paji la uso linapokutana na nywele: viduara vya ukubwa uleule vimefuatana mstari mzima, weusi wa nywele umemwagikia kwenye ngozi, na shavu limekuwa laini kwa mabaka. Si kwamba fundi alikuwa mvivu. Kipanya kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, kwa hiyo kila mguso unatoka na ukubwa uleule na uzito uleule. Anayetaka kubadilisha kimojawapo lazima aache kazi, aende kwenye upau wa juu, abadilishe namba, arudi. Sura moja inahitaji mabadiliko hayo mara nyingi mno, na kuna saa ambayo mkono huamua kwamba ukubwa uliopo unatosha.

Kibao cha kuchorea, pamoja na kalamu yake, kinaondoa safari hizo. Fundi akigusa kidogo brashi inakuwa ndogo au nyepesi. Akikandamiza, inakua au inakolea. Hata hivyo, mafundi wengi wamenunua kibao, wakakichomeka, wakahangaika nacho siku chache, kisha wakakirudisha kwenye boksi lake. Mara nyingi lawama hutupiwa mkono, ilhali tatizo liko kwenye mipangilio: mkandamizo wa kalamu umeachiwa uendeshe mambo mawili au matatu kwa mpigo, na fundi hajui ni lipi linalomsumbua.

Njia nyepesi ya kulielewa tatizo hili ni kuufuata mkandamizo wenyewe, kutoka kwenye ncha ya kalamu hadi kwenye picha. Kwenye vibao vya Wacom, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1983, kalamu haina betri. Chini ya uso wa kibao kuna wavu wa nyaya unaotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili ndogo inayopokea nguvu hiyo na kurudisha mawimbi. Ncha ikisukumwa ndani kidogo, mawimbi hubadilika, na kibao husoma badiliko hilo kama namba. Namba hiyo hupita mikononi mwa watatu kabla haijafika kwenye sura ya bibi harusi: draiva ya kibao, Windows, halafu Photoshop. Kila mmoja wao anaweza kuigeuza.

Wa kwanza ni draiva. Kwenye mipangilio ya kalamu kuna kitelezi kiitwacho Tip Feel, kinachotoka Soft hadi Firm. Upande wa Soft, mguso mdogo tu unahesabiwa kuwa mkandamizo mkubwa; upande wa Firm, mkono unatakiwa kufanya kazi zaidi ili kufikia kiwango kilekile. Kwa kazi ya sura, sehemu inayohitajika sana ni ile ya miguso myepesi, kwa kuwa ngozi haitaki nguvu. Ndiyo maana ni busara kuanza katikati, kisha kusogeza hatua moja kuelekea Firm. Jaribio lake ni dogo. Fundi afungue karatasi nyeupe kwenye Photoshop, achukue brashi ambayo ukubwa wake unafuata mkandamizo, achore mstari wa kama sentimita 10 akianza kwa mguso hafifu na kuongeza polepole. Mstari ukishafikia unene wake wote kabla ya theluthi ya kwanza kwisha, kalamu ni laini mno. Kidole kikilazimika kukakamaa ndipo mstari unenepe, ni ngumu mno, na kiganja kitalalamika kabla ya picha ya kumi.

Hapohapo kwenye draiva kuna mambo mengine mawili ambayo hayahusu mkandamizo lakini huonekana kana kwamba ni kosa lake. La kwanza ni uwiano. Eneo la kuchorea la Wacom Intuos ya ukubwa wa kati ni milimita 216 kwa 135, na skrini nyingi za kompyuta ni ndefu zaidi kuliko hivyo kwa upana wake. Fundi akizungusha mkono kwa duara kamili, kwenye skrini linatokea yai lililolala. Anayefuata mstari wa taya huhisi kalamu inamkimbia, na hajui kwa nini. Kwenye ukurasa wa Mapping kuna kisanduku cha Force Proportions. Kikiwekewa alama, kibao kinaacha kutumia kipande kidogo cha chini, kinabaki na kama milimita 216 kwa 121 na nusu kwa skrini ya 16:9, na duara linakuwa duara. Hasara ni kipande hicho tu.

Jambo la pili ni umbali wa kubofya mara mbili, Tip Double-Click Distance. Ukiwa mkubwa, kompyuta husubiri kidogo kuona kama mguso wa pili unakuja, na mwanzo wa kila mchoro hucheleweshwa. Kwa mtu anayegusa chunusi mamia kwa siku, kuchelewa huko ni kero tupu. Kizimwe.

Wa pili njiani ni Windows, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Dalili ni mbili. Kalamu ikishikiliwa mahali pamoja, kiduara hujitokeza kuizunguka ncha, na badala ya rangi inakuja menyu ya kubofya kulia. Au mguso wa kwanza hauandiki kitu, wa pili ndio unaandika. Kiduara hicho ni mpango wa Windows wa kubonyeza na kushikilia, na huzimwa kwenye Control Panel, sehemu ya Pen and Touch. Kuchelewa nako mara nyingi hutokana na Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows wenyewe, na draiva ya Wacom ina kisanduku cha kuuzima kiitwacho Use Windows Ink.

Sasa ukizimwa, jambo la ajabu hutokea: kuchelewa kunakwisha, na mkandamizo nao unapotea. Brashi inabaki na ukubwa mmoja, kibao kimegeuka kipanya cha bei ghali. Sababu ni kwamba Photoshop, isipoambiwa vinginevyo, inasubiri habari za kalamu kupitia Windows Ink. Dawa ni faili dogo la maandishi liitwalo PSUserConfig.txt, lenye mistari hii:

```
# Use WinTab
UseSystemStylus 0
```

Faili hilo huwekwa ndani ya folda ya mipangilio ya Photoshop, iliyo chini ya AppData, Roaming, Adobe, kisha jina la toleo linalotumika, kisha folda inayoishia na neno Settings. Photoshop ifungwe na kufunguliwa upya. Kila toleo lina folda yake, kwa hiyo mkandamizo ukitoweka baada ya kuhamia toleo jipya, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Wenye Mac hawana shida hii, maana Windows Ink haipo kwao.

Photoshop nayo ina namna ya kusema kama mkandamizo umefika salama. Kwenye paneli ya Brush Settings, penye Shape Dynamics au Transfer, fundi akichagua Pen Pressure na pembetatu yenye alama ya mshangao ikajitokeza kando, maana yake programu haioni kibao chochote. Hapo hakuna haja ya kuchezea brashi. Tatizo liko nyuma, kwenye Windows au kwenye draiva. Pembetatu isipokuwapo na brashi bado haitii, basi tatizo liko mbele, ndani ya Photoshop yenyewe, na mara nyingi ni kwenye vitufe viwili vidogo vya upau wa juu vyenye picha ya kalamu: kimoja cha ukubwa, kingine cha ukolevu. Vitufe hivyo vikiwashwa hupindua kilichochaguliwa kwenye paneli ya brashi. Fundi anaweza kuzima mkandamizo kwenye Transfer akashangaa kuona bado upo, kumbe kitufe cha juu kimewashwa tangu juzi.

Kutoka hapo linabaki swali la mkandamizo ufanye nini, na jibu linategemea zana. Kwenye kusafisha ngozi uendeshe ukubwa. Kwenye maski uendeshe mtiririko wa rangi. Kuupa vyote viwili kwa mpigo ni kosa linalofundishwa mno, pengine kwa sababu linapendeza kwenye maonyesho: mstari unaanza mwembamba na hafifu, unaishia mnene na mkolevu. Kwa anayechora maua ni sawa. Kwa anayefunika mfuko chini ya jicho, maana yake ni kwamba hawezi kuwa na brashi pana iliyo hafifu, na hiyo ndiyo hasa anayoihitaji.

Chukua picha ya bibi harusi iliyopigwa kwa kamera ya kawaida ya studio, pikseli 4000 kwa 6000, kuanzia kiunoni kwenda juu. Uso wenyewe una upana wa pikseli kama 1400. Kidevuni kuna chunusi tatu zenye upana wa kati ya pikseli 12 na 30. Kwenye mstari wa nywele kuna vipele vidogo vilivyoletwa na kusuka, vimekaa kabisa pembeni mwa nywele zenyewe. Chini ya macho kuna weusi wa kukosa usingizi. Na mpiga picha anataka uso wote uinuliwe mwanga kidogo bila kugusa shela nyeupe iliyo jirani.

Fundi anaanza na chunusi. Anafungua leya mpya tupu juu ya picha, anachukua Healing Brush, na kwenye upau wa juu anachagua Sample iwe Current & Below, ili kazi yake ikae kwenye leya hiyo na picha ya asili isiguswe. Kwenye kidirisha kidogo cha brashi anaweka ukubwa wa pikseli 40 na Hardness asilimia 100, na mstari wa mwisho wa kidirisha, Size, anauweka Pen Pressure. Ugumu wa asilimia 100 huwatisha wengi. Lakini zana hii hulainisha mpaka wake yenyewe. Brashi laini huongeza ulaini juu ya ulaini, na kingo za kila mguso hupoteza vinyweleo, zikabaki zimefifia. Pikseli 40 hapa ni kilele. Mguso wa kawaida utatoa 15 au 20, ukubwa unaozidi chunusi kidogo tu.

Healing Brush huhitaji kuonyeshwa mahali pa kuchota ngozi nzima, na hilo hufanywa kwa kushikilia Alt na kugusa. Mkono wa kushoto unaweza kukaa kwenye Alt siku nzima, ila kuna njia ya kuupumzisha: kitufe cha ubavuni mwa kalamu, ambacho kwa kawaida ni cha kubofya kulia, kipewe kazi ya Alt kwenye draiva. Kidole gumba kikibonyeza na ncha ikagusa, chanzo kimechukuliwa. Chanzo kiwe karibu, na kitoke sehemu ya uso iliyo sawa na ile inayotibiwa. Vinyweleo vya pua ni vikubwa kuliko vya paji la uso, na zana hii inarekebisha rangi na mwanga, hairekebishi ukubwa wa vinyweleo. Ngozi ya pua ikipandikizwa kwenye paji la uso, doa limeondoka na kiraka kimekuja.

Chunusi tatu zimekwisha kwa miguso mifupi. Ni lazima iwe mifupi, kwa sababu Photoshop hufanya hesabu ya kuchanganya pale kalamu inapoinuliwa. Mchoro mrefu unaopita kutoka kivulini hadi mwangani huchanganya vyote viwili.

Vipele vya kwenye nywele ndivyo vinavyomtofautisha fundi. Healing Brush huchukua umbile la ngozi kutoka kwenye chanzo, lakini rangi na mwanga huvitafuta kwenye pikseli zinazouzunguka mguso. Mguso ukigusa unywele, ule weusi ni sehemu ya jirani zake, na huvutwa ndani. Hilo ndilo wingu la kijivu linaloonekana kwenye picha nyingi za harusi. Kwa kalamu, fundi anapunguza nguvu anapokaribia mpaka, brashi inashuka hadi pikseli sita au saba, na mguso unabaki ndani ya ngozi. Kuna vipele ambavyo hata hivyo havifikiki. Kwa hivyo, achore kwanza uteuzi kwa Lasso, upana wake uzidi kipele lakini ukingo wake ufuate kabisa mstari wa nywele. Ndani ya uteuzi huo, weusi wa nje hauwezi kuvuja kuingia. Hii ni njia ya zamani, Healing Brush yenyewe ilikuja na Photoshop 7.0 mwaka 2002, na bado hakuna iliyoipita kwa sehemu hii ya uso.

Alama ya kuzaliwa iachwe. Chunusi itakuwa imeondoka baada ya wiki mbili, hivyo kuifuta si uongo mkubwa. Baka aliloishi nalo bibi harusi tangu utotoni ni sura yake, na mwenye kuamua ni yeye.

Baada ya ngozi inakuja maski. Fundi anaongeza leya ya Curves, anainua mwanga kidogo, kisha anaigeuza maski yake iwe nyeusi kwa Ctrl+I. Mwanga wote umefichika, na sasa atauchora kwa rangi nyeupe anapoutaka. Anachukua brashi ya kawaida, Hardness sifuri, pikseli 300. Mkandamizo wa ukubwa anauzima kwenye Shape Dynamics na kwenye kitufe cha upau. Kwenye Transfer anaweka Flow ifuate Pen Pressure, na Opacity anaiacha asilimia 100 bila mkandamizo. Flow ya msingi anaishusha hadi asilimia 10.

Tofauti ya Opacity na Flow inafaa kusimuliwa taratibu, kwa sababu ndiyo inayoleta ulaini. Opacity ni dari: mchoro mmoja, bila kuinua kalamu, hauwezi kuipita hata mkono ukirudi mara ngapi. Flow ni kiasi kinachotoka kwenye kila alama ya brashi, na alama hizo hupandana. Kwa nafasi ya kawaida ya asilimia 25 kati ya alama, kila sehemu ya katikati ya mchoro hupitiwa na alama nne hivi. Mkono wa nusu nguvu hutoa asilimia 5 kwa alama, na kwa brashi ngumu pito moja hufikia karibu asilimia 19. Kwa brashi laini ni pungufu ya hapo. Fundi anapita mara moja shavuni, mara mbili chini ya jicho, mara tatu pale weusi ulipo mzito, na mwanga unajijenga bila ngazi. Opacity nayo ikiwekewa mkandamizo, nusu nguvu inakuwa pia dari ya nusu, mwanga unagoma kupanda, fundi anakandamiza kwa hasira, na ghafla unaruka.

Mpaka wa shavu na shela unataka brashi nyingine kabisa. Hapo hakuna uhafifu unaotakiwa. Ngozi ni ngozi na kitambaa ni kitambaa. Hardness ipande hadi asilimia 80, Flow iwe 100 bila mkandamizo, na mkandamizo urudi kwenye ukubwa, ili ncha iingie kwenye mikunjo ya shela na itanuke kwenye taya. Smoothing ya asilimia 10 au 15 huondoa mtetemeko wa mkono kwenye mstari mrefu wa taya. Ikizidi sana, brashi huburuta nyuma ya kalamu. Brashi hizi mbili zihifadhiwe na alama ya Include Tool Settings iwekwe, la sivyo Flow ya asilimia 10 haitabaki na brashi yake.

Ukaguzi ni wa dakika moja. Fundi ashikilie Alt na kubofya maski kwenye paneli ya leya. Picha itapotea na maski itaonekana peke yake, nyeusi kwa nyeupe. Makosa yaliyokuwa yamejificha kwenye rangi za ngozi yanajitokeza. Ikionekana michirizi yenye kingo, Flow ilikuwa kubwa. Zikionekana shanga zilizopangana, nafasi kati ya alama ni pana mno. Matundu meusi katikati ya shavu ni miguso iliyokuwa hafifu kupita kiasi, na yakiwa mengi inafaa kurudi kwenye Tip Feel na kusogeza hatua moja kuelekea Soft. Maski ikikubalika, kazi ya ngozi nayo ikaguliwe kwa ukubwa wa asilimia 100, si kwa picha iliyopunguzwa ikaenea kwenye skrini.

Kalamu huchakaa pia. Ncha ya plastiki husuguliwa na uso wa kibao hadi inapata ukingo bapa, na ukingo huo hukwaruza na kuubadilisha mguso mwepesi. Ukionekana, ncha ing'olewe na kubadilishwa. Mifano mingi huuzwa pamoja na ncha za akiba.

Linabaki suala la pesa. Matangazo hushindana kwa viwango vya mkandamizo: 4096 kwenye Intuos ya kawaida, 8192 kwenye Intuos Pro, na baadhi ya watengenezaji wengine wamefika 16384. Maski ya picha ya biti 8, ambayo ndiyo studio nyingi hufanyia kazi, ina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kibao cha viwango 4096 tayari kina mara 16 ya zile zinazohitajika. Anayenunua kwa ajili ya kusafisha sura asilipie namba hiyo. Tofauti ya bei aiweke kwenye kibao cha ukubwa wa kati badala ya kidogo, na kwenye pakiti ya ncha za akiba.